Ukucha Unaoingia Ndani ya Nyama: Chumvi Inafika Wapi, Kisu Kinaanzia Wapi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba katika mkutano wa mwezi, Baraka)



Mwezi uliopita, tulipofungua daftari la kasha ya msaada, tuliona jambo moja. Kijana mmoja wa kwetu, aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, alikuwa amepewa feza ya dawa mara tatu. Mara zote tatu sababu ilikuwa ile ile: kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Mzee mmoja akauliza, «Kidole kimoja tu, mara tatu? Huyu anatudanganya?» Nilijibu kwamba hapana, hatudanganyi. Feza ilienda kwa dawa ambayo haikuweza kumponya, njo maana alirudi. Leo nataka kueleza kwa nini. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusimulia, mradi nisitaje jina lake.

Mimi si muganga. Nilisoma afya ya jamii, na kazi yangu ni kutembea vijijini. Lakini siku alipotibiwa nilisimama kando ya muuguzi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mambo nitakayosema alinirekebisha yeye.

Kijana huyu alikuwa anafyatua matofali ya kujenga nyumba ya mama yake. Kutwa nzima yuko ndani ya bote za plastiki, miguu inatoka jasho, ngozi inalainika. Siku moja ya mungu alikata kucha kwa wembe. Akakata fupi sana, akazungusha pembe ili ukucha uwe wa duara kama wa mkono. Kosa lilianzia pale. Ukikata pembe ya ukucha wa mguu, mara nyingi kunabaki kipande kidogo chenye ncha, huko chini usipoona. Ukucha unaendelea kusukuma mbele, bote inabana nyama kutoka kando, na ile ncha inaingia katika nyama sawa na mwiba.

Baada ya siku tano pembeni ya ukucha kulikuwa kwekundu, kumevimba, na akiguswa hata na blanketi anaruka. Akafikiri ni funza, ile tunaita pia tekenya. Akachukua pini akachimba. Hapa tusikie vizuri, kwa sababu wengi tunakosea. Funza anaonekana kama kadoa keupe kenye nukta nyeusi katikati, na kanawasha. Ukucha ulioingia hauna nukta, uko na maumivu ya kuchoma pembeni kabisa ya ukucha, na maumivu yanazidi ukivaa kiatu. Kwa kuchimba na pini hakupata funza, alifungulia vidudu mlango. Kisha siku mbili, usaha.

Sasa tuseme habari ya kuloweka, kwa maana kila mama hapa anaijua, na ni kitu kizuri kikifanywa sawasawa na mapema. Chukua beseni safi. Tia maji lita mbili yaliyochemshwa, uyaache yapoe mpaka kiwiko chako kinavumilia bila shida. Tia vijiko vidogo vinne vya chumvi ya jikoni. Ingiza mguu dakika 15, mara tatu kwa siku. Halafu kausha vizuri kwa kitambaa safi, hata katikati ya vidole, sababu mguu ukibaki na maji ngozi inaoza na ukucha unazidi kupenya.

Mguu ukiwa bado laini, sukuma nyama pole pole kwa kidole, uitenge na ukucha. Kama pembe ya ukucha inaonekana, sokota kapamba kadogo safi, kadogo sana sawa na uzi mnene, ukaweke chini ya ile pembe ili iinuke kidogo. Kabadilishe kila siku. Vaa sandale, weka bote kando. Kama maumivu yanazuia usingizi, parasetamoli inatosha.

Maji ya chumvi yanafanya kazi gani? Yanalainisha ngozi, yanapunguza uvimbe, yanasaidia usaha kutoka. Ni hayo tu. Hayawezi kung'oa ile ncha. Kama ncha ni ndogo na nyama haijafunika, kuloweka na kapamba vinaupa ukucha nafasi ya kukua na kupita juu ya nyama. Lakini ukucha wa mguu unakua polepole, kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Kwa hiyo hata maumivu yakiisha, kapamba na sandale viendelee wiki kadhaa, mpaka pembe ya ukucha ionekane imepita nyama.

Kijana wetu aliloweka, lakini asubuhi tu, dakika chache, na maji ya moto karibu ya kuunguza, kisha anavaa bote anarudi kwenye matofali. Akafungua kidonge cha tetra akamwaga unga juu ya kidonda. Unga ule ulikauka ukawa kifuniko, usaha ukabaki chini. Akaenda kununua vidonge vya antibiotike, feza yetu ya kwanza. Wekundu ukapungua siku sita. Vidonge vikaisha, usaha ukarudi. Feza ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

Wazee, muwaze mtu aliyechomwa mwiba shambani. Ukimpa vidonge na ukauacha mwiba ndani, atapona? Uvimbe utalala kidogo, kisha utaamka. Ukucha huu ni mwiba ulioshikamana na mwili wenyewe. Antibiotike iko na kazi yake, pale wekundu unapotambaa nje ya kidole ama mtu ana homa. Lakini peke yake haiwezi kuondoa ncha.

Alipokuja kwangu ilikuwa wiki ya saba. Pembeni ya ukucha kulikuwa kumeota nyama nyekundu, laini, yenye maji maji, inayotoka damu ukiigusa kidogo tu. Hiyo ni alama ya kuijua. Nyama ile ikishaota, mwili umeshindwa kujifunga kwa sababu ncha inaukwaruza kila siku. Usitegemee chumvi tena. Tulienda sentre ya afya.

Wengi wanaogopa wakisikia «operasioni». Basi nieleze nilichoona. Kwanza muuguzi aliuliza kama ana ugonjwa wa sukari, kama dawa fulani inamdhuru, na kama chanjo ya pepopunda aliipata lini. Akaosha mguu. Akampiga sindano mbili za lidokaini kwenye shina la kidole, moja kila upande. Hizo zinauma kweli, nisiwadanganye, lakini ni sekunde chache. Tulingoja dakika kumi. Akamchoma kidogo na ncha ya sindano: hasikii kitu. Kama angesikia, wangengoja ama kuongeza dawa, si kumwambia avumilie.

Akafunga mpira mwembamba kwenye shina la kidole ili damu isifunike kazi, akaangalia saa. Akainua ukingo wa ukucha, akaukata wima kwa mkasi, kipande chembamba tu cha pembeni, kama milimita tatu au ine, kutoka mbele mpaka kwenye mzizi chini ya ngozi. Akakishika kwa koleo, akakizungusha kuelekea katikati ya ukucha, kikatoka chote. Alituonyesha: mwishoni kulikuwa na kale kamwiba. Kijana akasema, «Kumbe ni haka katoto ndiko kalikuwa kananitesa?»

Mahali penye fenoli, wanapaka kidogo kwenye mzizi ule ili kile kipande kisiote tena. Kwetu haikuwepo siku ile. Muuguzi alimwambia wazi: bila fenoli ukucha utaota tena, na unaweza kurudia kosa, kwa hiyo namna ya kukata ndiyo itakayoamua. Halafu akafungua mpira. Hilo ni jambo la lazima, kwa maana mpira ukisahauliwa chini ya bandeji unaweza kuua kidole. Akaweka kompresi yenye vaselini, akafunga. Yote hayajafika nusu saa.

Siku ya kwanza alikaa mguu juu ya mto. Kisha siku mbili alirudi kupansa. Baada ya hapo akaloweka nyumbani kwa ile chumvi, na safari hii chumvi ilifanya kazi, sababu mwiba haukuwepo. Wiki ya pili kidonda kilikauka. Wiki saba za vidonge, na nusu saa ya mkasi: hesabu mutafanya wenyewe.

Kuko watu ambao hawapashwi kujaribu nyumbani hata siku moja. Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa sukari, ama ambaye miguu yake imekufa ganzi au iko baridi kwa sababu damu haifiki vizuri. Mtu huyo anaweza kuungua ndani ya beseni bila kusikia, na kidonda kidogo kwake kinaweza kupoteza mguu. Aende moja kwa moja kwa muganga. Kwa wengine wote, muende siku hiyo hiyo kama wekundu unapanda juu ya mguu, kama kuko homa, kama kidole kinakuwa cheusi, ama maumivu yanadunda usiku hayalali. Kama hakuna hizo ila kuko usaha, loweka siku mbili au tatu, usipopungua, nenda. Na usikubali mtu akukatie na wembe barazani bila dawa ya ganzi: anakata mbele tu, ncha inabaki nyuma, mchezo unaanza upya.

Kukata kucha: kata moja kwa moja, bila kuzungusha, na uache pembe zionekane juu ya nyama. Wengine wanasema ukikata alama ya V katikati ya ukucha pembe zitajivuta. Hapana, ukucha unakua kutoka mzizi, hauelewi alama ya mbele.

Neno la mwisho kwa kamati na kwa wafadhili wetu. Naomba daftari la kasha liwe na mustari mmoja: mtu akija mara ya pili kwa kidole kile kile, tusimpe tena feza ya vidonge. Tumpeleke sentre, na tulipe ile kazi ya mkasi pamoja na kupansa. Kijana wetu amemaliza matofali. Mama yake amelala ndani ya nyumba yake.

Kama kuko maulizo, nayasikiliza.