Kugawanya namba changamano: kosa ambalo moduli haioni



Jioni ya leo nitashughulika na swali moja tu la kazi ya nyumbani. Linamtaka mwanafunzi agawanye namba changamano mbili, atafute moduli ya jibu, kisha alionyeshe jibu hilo kwenye mchoro wa Argand. Wanafunzi wengi hulichukulia kama maswali matatu yaliyofungwa pamoja: wanamaliza la kwanza, wanaandika la pili, na la tatu wanalichora harakaharaka kwa mkono, bila rula, kwa sababu wanaona kazi imekwisha. Nataka kuonyesha kwamba sehemu ya pili na ya tatu zipo ili kuichunguza ya kwanza. Kila moja inakamata kosa ambalo nyingine haiwezi kuliona.

Swali lenyewe ni hili:

(5 − j10) ÷ (3 + j4)

Wahandisi tunaandika j pale ambapo wanahisabati wanaandika i, kwa kuwa herufi i tumeshaipa mkondo wa umeme. Maana ni ileile: j ikizidishwa kwa j inatoa −1.

Hatuwezi kugawanya moja kwa moja kwa namba yenye j ndani yake. Kwa hiyo tunachukua mwenza wa namba ya chini, yaani namba ileile iliyogeuzwa alama ya sehemu yake ya j. Mwenza wa 3 + j4 ni 3 − j4. Tunazidisha kwa mwenza huyo juu na chini. Chini tunapata:

(3 + j4)(3 − j4) = 9 − j12 + j12 + 16 = 25

Sehemu za j zimefutana, na ile 16 ni chanya kwa sababu j mara −j ni 1. Juu tunapata:

(5 − j10)(3 − j4) = 15 − j20 − j30 + j²40 = 15 − 40 − j50 = −25 − j50

Tukigawanya kwa 25, jibu ni −1 − j2.

Hapo ndipo daftari nyingi hufungwa. Hebu tuangalie kwanza ile 25 imetoka wapi. Moduli ya 3 + j4 ni umbali wake kutoka kitovu cha mchoro: kipeuo cha pili cha 9 + 16, yaani 5. Namba 25 ni moduli hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Kwenye mchoro, kugawanya kwa 3 + j4 ni kufanya mambo mawili kwa pamoja: kufupisha mshale mara tano, na kuuzungusha kufuata mwendo wa saa kwa nyuzi 53.13, ambazo ndizo pembe ya 3 + j4. Mwenza anatupa mzunguko huo sawasawa, ila anaurefusha mshale mara tano badala ya kuufupisha. Tukigawanya kwa 25 tunaondoa urefu uliozidi, na tunaufupisha mshale kama ilivyotakiwa. Mwanafunzi akishaliona hilo, hana haja tena ya kukariri kwa nini mwenza anazidishwa juu na chini.

Sasa tuichunguze kazi kwa moduli. Moduli ya jibu lazima iwe moduli ya namba ya juu igawanywe kwa moduli ya namba ya chini. Ya juu ni kipeuo cha pili cha 25 + 100, karibu 11.18. Ya chini ni 5. Jibu letu, basi, lazima liwe na moduli 2.236. Tukipima −1 − j2 tunapata kipeuo cha pili cha 1 + 4, ambacho ni 2.236. Vizuri.

Mwanafunzi aliyesahau kwamba j² ni −1 angeandika 15 + 40 pale juu, na jibu lake lingekuwa 2.2 − j2. Moduli ya hilo ni karibu 2.97, na kosa linaonekana papo hapo. Aliyeandika 9 − 16 pale chini angegawanya kwa −7, na moduli yake ingekaribia 8. Huyo naye anakamatwa. Kosa la aina hiyohiyo hujitokeza hata katika kutafuta moduli: mtu anaichukua j4 pamoja na j yake, anaizidisha kwa yenyewe, anapata −16, kisha anahangaika na kipeuo cha pili cha −7. Moduli ni urefu. Ndani yake inaingia 4 peke yake, bila j.

Lakini kuna kosa ambalo moduli haina macho ya kuliona. Tuseme mwanafunzi amekosea alama mwishoni, akaandika 1 − j2 au −1 + j2. Moduli bado ni 2.236. Anapima, inalingana, anafurahi, na jibu si sahihi. Tukiinua sehemu halisi na sehemu ya j kwa kipeo cha pili tunafuta alama zote, kwa hiyo moduli haiwezi kushuhudia jambo ambalo limefutwa kabla haijaitwa.

Hapo ndipo mchoro unapofanya kazi yake. Jean-Robert Argand, mzaliwa wa Geneva, aliuchapisha Paris mwaka 1806. Mpima ardhi Caspar Wessel alikuwa amewasilisha wazo hilohilo huko Denmark mwaka 1797, na sishangai hata kidogo kwamba lilimjia mtu aliyezoea kuandika umbali pamoja na mwelekeo.

Tuchore, na tuchore kwa rula na kipimapembe. Sehemu halisi inakaa kwenye mhimili mlalo, sehemu ya j kwenye mhimili wima, na skeli ya mihimili yote miwili iwe moja. Mtu akibana mhimili wima ili mchoro uenee kwenye karatasi, pembe zote zinapotoka na kipimapembe hakina tena la kusema. Namba 5 − j10 iko kulia na chini, nyuzi 63.43 chini ya mhimili mlalo. Kugawanya kwa 3 + j4 kunauzungusha mshale nyuzi 53.13 zaidi kufuata mwendo wa saa. Jumla ni nyuzi 116.56, na tukihesabu bila kukata desimali zinakuwa 116.57. Hizo zimezidi 90. Kabla ya hesabu yoyote nyingine tunajua kwamba mshale umevuka mhimili wima na kuingia upande wa kushoto, chini. Sehemu halisi lazima iwe hasi, na sehemu ya j pia. Jibu 1 − j2 haliwezi kuwa sahihi, na −1 + j2 vilevile.

Kuna mahali kikokotoo chenyewe kinapotosha. Mwanafunzi anakuja ofisini na kusema, "Mwalimu, shikamoo. Nimebonyeza tan⁻¹ ya −2 kwa −1, imeniletea 63.43." Kikokotoo kimepewa 2, kwa kuwa hasi mbili zimefutana kabla hazijakifikia, nacho kikajibu kwa pembe ya upande wa kulia juu. Atazame kwanza nukta iko robo gani ya mchoro. Ikiwa iko kushoto, chini, aondoe nyuzi 180: 63.43 − 180 ni −116.57, ileile tuliyoipata kwa kuzungusha.

Sasa tutoke kwenye daftari twende Kariakoo, ambako ghorofa zinahitaji pampu za kupandisha maji hadi kwenye matangi ya juu. Ilikuwa mwaka 1893 Charles Steinmetz alipoonyesha kwenye kongamano la umeme la Chicago jinsi saketi za umeme wa mkondo geu zinavyohesabiwa kwa namba changamano, na mota ya pampu ni mahali pazuri pa kuona faida yake. Tuchukue mota ya umeme wa njia moja, volti 230, hezi 50, ambayo ikiwa na mzigo wake wa kawaida impidansi yake ni 8 + j6 omu. Nimechagua tarakimu nyepesi makusudi, na mnajua kwamba impidansi ya mota hubadilika mzigo unapobadilika, na inapoanza kuzunguka ni ndogo zaidi. Mkondo ni:

230 ÷ (8 + j6) = 230(8 − j6) ÷ 100 = 18.4 − j13.8 ampea

Moduli ni 23, sawa na 230 gawanya kwa 10. Mshale uko chini ya mhimili mlalo kwa nyuzi 36.87, maana yake mkondo unachelewa nyuma ya volti, kama ilivyo kawaida kwa kifaa chenye koili.

Fundi akibana waya wa pampu hii kwa klampu mita, atasoma ampea 23. Klampu mita inasoma moduli. Haionyeshi pembe, na haiwezi kumwambia kama ni 18.4 − j13.8 au 18.4 + j13.8.

Tuseme tunataka kupunguza mkondo kwenye waya unaopanda kutoka kwenye mita hadi kwenye pampu. Sehemu ya −j13.8 haipandishi maji. Tunaifuta kwa kuunganisha kapasita sambamba na mota, yenye mkondo wa +j13.8. Hiyo inataka omu 16.67, na kwa hezi 50 ni kapasita ya mikrofaradi 191 hivi. Katika kazi halisi hatufuti yote, tunaacha kiasi kidogo. Na kapasita iwe ya kukaa kwenye umeme muda wote, isiwe ile ya kuanzishia mota, iliyotengenezwa kwa sekunde chache tu. Mkondo wa waya unashuka hadi 18.4, na joto linalopotea kwenye waya huo linapungua kwa asilimia 36, kwa kuwa linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye nyumba asitegemee yuniti zake za LUKU zipungue sana. Mota inakula wati zilezile 4,232, na LUKU inahesabu nishati hiyo. Anachokipata ni waya na swichi zisizochemka.

Aliyekosea alama kwenye daftari ataamini kwamba mkondo ni 18.4 + j13.8. Kwa hesabu yake, kinachohitajika ni koili, kwa sababu koili ndiyo yenye mkondo wa −j13.8. Akiiunganisha kwenye pampu halisi, sehemu mbili za j zinajumlika: 18.4 − j27.6. Moduli ni 33.2. Waya uliokuwa unabeba ampea 23 sasa unabeba zaidi ya 33, na moduli ya hesabu yake ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa.

Wanafunzi, mkienda maabara wiki ijayo, fungeni klampu mita mahali patatu: kwenye waya wa mota, wa kapasita, na wa kutoka kwenye mita. Mtasoma karibu 23, 13.8 na 18.4. Msizijumlishe 23 na 13.8 kutafuta ya tatu, kwa kuwa hizo ni urefu wa mishale inayoelekea pande tofauti. Choreni mshale wa mota ukishuka nyuzi 36.87, ule wa kapasita uanzie kwenye ncha yake ukipanda wima, kisha pimeni kwa rula kutoka kitovu hadi ulipoishia. Chini ya mchoro andikeni skeli mliyotumia.