Konje ya uzazi: barua ya kudai haki, sehemu kwa sehemu

Wandugu wanachama, wamama na wababa, na ninyi marafiki mnaotushika mkono kutoka mbali, leo tunazungumza juu ya barua moja tu. Ni ile barua ambayo mwanamke mwenye mimba anamwandikia patroni wake, kwa sababu yuko katika konje na hajalipwa kitu, na tena amesikia kwamba mtu mwingine amekwisha kukaa kwenye kiti chake.

Sisi tuliorudi Kasongo na Kabambare tunajua uzito wa jambo hili. Shamba bado halijashika, nyumba bado inatafuta mabati, na mara nyingi mshahara mmoja wa mama anayeuza katika farmasi au anayefundisha katika masomo ya mtu binafsi ndio unalisha watu saba au nane. Mshahara huo ukikatika wakati wa kuzaa, ni nyumba nzima inalala njaa.

Sheria ya Kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kipengele chake cha 130 kinasema mambo matatu, na inafaa tuyatenganishe. La kwanza: mwanamke akijifungua ana haki ya kusimamisha kazi juma 14 mfululizo, yaani juma 6 mbele ya kuzaa na juma 8 nyuma ya kuzaa. La pili: katika juma hizo anapata theluthi mbili za mshahara, na vile vitu ambavyo kontra ilimpa, kama chakula au nyumba, vinaendelea. Ni vile hata kama mtoto, Mungu apishe mbali, hakuishi. La tatu: katika muda huo patroni hana ruhusa ya kuvunja kontra.

Kipengele cha 62 kinaongeza kwamba mimba, kuzaa, na kukosa kazini kwa ajili ya konje ya uzazi si sababu halali ya kumfukuza mtu. Lakini tuangalie: sheria hii ni ya wafanyakazi wa mapatroni. Mtumishi wa serikali mwenye matrikile ana sheria yake nyingine.

Sasa tuweke mfano. Mama mmoja anafanya kazi katika depo ya dawa. Mshahara wake ni franka 650.000 kwa mwezi, na kila mwezi anapewa mfuko mmoja wa mchele. Daktari aliandika kwamba atazaa karibu tarehe 13 Aprili. Alianza konje tarehe 2 Machi, na juma 14 zinamfikisha tarehe 7 Juni. Tarehe 8 Juni anarudi kazini.

Hesabu yake si ngumu. Tunazidisha 650.000 mara miezi 12, tunagawanya kwa juma 52, tunapata 150.000 kwa juma. Theluthi mbili zake ni 100.000. Kwa juma 14 ni franka 1.400.000. Mpaka tarehe 5 Aprili juma 5 zimepita, basi franka 500.000 alipaswa kuwa amezipata tayari. Mchele unahesabiwa mbali. Ule haukatwi theluthi.

Barua yenyewe anaiandika Kifaransa, kwa sababu maofisini ndivyo wanavyosoma. Sisi tunaiweka hapa kwa Kiswahili ili kila mtu aielewe mbele ya kuweka sahihi:

«Kasongo, tarehe 7 Aprili.

Bwana Mkurugenzi,

Ninafanya kazi kwenu tangu miaka mitatu. Tarehe 23 Februari niliwapa sertifika ya daktari inayoonyesha kwamba nitazaa karibu tarehe 13 Aprili. Niko katika konje ya uzazi tangu tarehe 2 Machi mpaka tarehe 7 Juni.

Kwanza, tangu siku hiyo sijapokea mshahara wowote. Kufuatana na kipengele cha 130 cha Sheria ya Kazi, ninaomba mnilipe franka 500.000 za juma 5 zilizopita, mfuko wa mchele wa mwezi wa Machi, na kiasi kinachobaki kila mwezi mpaka mwisho wa konje.

Pili, tarehe 30 Machi niliambiwa kwa mdomo kwamba nisirudi tena. Sikuacha kazi na sina nia ya kuiacha. Kipengele hicho kinakataza kuvunja kontra yangu katika muda huu. Ninaomba mnihakikishie kwa maandishi kwamba nitarudi kazini kwangu tarehe 8 Juni.

Ninangoja jibu lenu katika siku nane. Kopi: Enspekta wa Kazi.»

Mnaona kwamba madai ni mawili na kila moja limesimama peke yake. Ukiyachanganya, patroni atalipa kidogo halafu atasema mambo yamekwisha, na lile la kufukuzwa halitajibiwa. Mnaona pia kwamba hakuna matusi wala kilio, ni tarehe na hesabu tu. Barua inatoka kopi mbili. Moja inabaki kwa patroni, na ya pili inarudi na mama ikiwa na sahihi ya aliyeipokea na tarehe. Akikataa kuweka sahihi, mama arudi na mashahidi wawili, nao waandike majina yao na siku ile.

Patroni mjanja hafukuzi. Anasema kwa upole: «Mama, weye uko muzito sasa. Saini hii karatasi, ende upumzike, ukisha kuzaa tutakuita.» Karatasi ile ni barua ya kuacha kazi. Sheria inamfunga patroni asivunje kontra, lakini mama akiandika mwenyewe kwamba anaacha, kinga ile inamtoka mikononi. Hapana kusaini karatasi usiyoielewa, hata kama wamekuwekea pesa juu ya meza.

Mwingine anasema: «Kontra yako ilikuwa ya muda, imekwisha.» Hapo umwombe akuonyeshe karatasi. Kontra ya muda lazima iandikwe. Isipoandikwa, sheria inaihesabu kuwa kontra isiyo na mwisho. Lakini kama iliandikwa kweli, na tarehe yake inafika katikati ya konje, kesi inakuwa ngumu, na tuseme wazi.

Siku nane zikipita bila jibu, mama anapeleka kopi zake kwa Enspekta wa Kazi. Njia hii hairukwi: kipengele cha 298 kinasema tribinali haipokei kesi ya mfanyakazi ikiwa enspekta hajajaribu kwanza kuwapatanisha. Wasipopatana, enspekta anaandika hivyo, na karatasi hiyo ndiyo inafungua mlango wa tribinali. Tribinali ikiona alifukuzwa bila sababu halali, inaweza kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia, na fidia hiyo haipiti mishahara ya miezi 36. Asichelewe, maana kudai mshahara kunakufa baada ya mwaka mmoja.

Kwa ninyi wafadhili tuna neno moja. Miradi mnayoilipa nayo inaajiri wamama, mara nyingi kwa kontra za miezi sita sita. Katika bajeti tunaona mafuta ya moto na karatasi, lakini hatuoni mstari wa konje ya uzazi wala wa yule atakayeshika nafasi ya mama juma 14. Mstari huo usipokuwako, msimamizi wa mradi anabaki na njia moja tu, kungoja kontra ife. Tunaomba muuweke tangu mwanzo.

Na wewe mwanachama mwenye mimba, usingoje mpaka mshahara ukatike. Leta kontra, karatasi za malipo na sertifika ya daktari mbele ya juma la sita kabla ya kuzaa, tupige hesabu pamoja.