Maryam chini ya mtende

Mnamo mwaka 615 Waislamu wachache wa Makka walivuka Bahari ya Shamu wakakimbilia Habasha. Ibn Ishaq anasimulia kwamba Najashi, mfalme Mkristo wa huko, aliwataka wamsomee sehemu ya yale aliyokuja nayo Mtume wao. Msemaji wao, Jaafar bin Abi Talib, akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Alijua anazungumza na nani!

Maryam ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani nzima. Hata mke wa Firauni, pamoja na sifa zake, hatajwi jina. Sura ya Aali Imran inaanzia mbali: mama yake aliweka nadhiri kwamba aliye tumboni atamtumikia Mungu, kumbe akajifungua binti. Nabii Zakaria akamlea, na kila akiingia mihrabuni alimkuta ana chakula ambacho hakuna mtu aliyempelekea.

Kujifungua kwake mwenyewe kunasimuliwa katika Sura ya Maryam, na huko mambo ni mazito zaidi. Yusufu hatajwi. Hakuna hori wala wachungaji tunaowasoma katika Injili ya Luka. Maryam yuko peke yake, mbali na watu, na uchungu unampeleka hadi kwenye shina la mtende. Anatamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa kabla ya siku hiyo. Ndipo sauti inamwita kutoka chini yake: asihuzunike, kuna kijito karibu naye, na akitikisa shina tende mbivu zitamwangukia. Sauti ya nani? Wengine wanasema ya Jibrili, wengine ya mtoto mwenyewe.

Baadhi ya wafasiri wameshangaa: mihrabuni riziki ilimfuata bila jasho, leo ana uchungu ndipo anaambiwa atikise mti. Mimi naona hapo ndipo simulizi inapomheshimu, kwa kuwa haifichi maumivu yake wala haimwachi akae tu akisubiri muujiza.

Anaagizwa pia afunge kusema. Anaporudi na mtoto, jamaa zake wanamshutumu, naye anamwashiria mtoto tu. Mtoto Isa anajibu mwenyewe, na la kwanza analotamka ni kwamba yeye ni mja wa Mungu. Hapo ndipo njia za Uislamu na Ukristo zinapoachana: mimba bila baba wote wanaikubali, lakini kwa Kurani muujiza huo haumfanyi Isa kuwa Mwana wa Mungu.

Mtende huo Wakristo nao wanao. Kitabu cha kale kisichomo katika Biblia, kinachoitwa Injili ya Mathayo wa Uongo, kinasimulia mti ulioinama kumlisha Mariamu na chemchemi iliyobubujika mizizini, ila ni wakati wa safari ya Misri, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Na kati ya Yerusalemu na Bethlehemu, mwaka 1992, yaligunduliwa magofu ya Kathisma, kanisa la karne ya 5 lenye pembe nane, lililojengwa mahali panapoaminiwa kuwa Mariamu alipumzika. Miongoni mwa michoro ya mawe iliyokutwa sakafuni mwake umo mtende uliozaa.