Usiku mmoja Bole

Msikilizaji, tuseme unatoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa. Unatua Bole saa 2 usiku, ndege ya pili inaondoka saa 2 asubuhi. Ulale wapi?

Anzia kwenye tiketi. Ikiwa safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, soma kitambulisho cha begi ukiwa bado kaunta ya Dar. Kikiandikwa CAN, begi linafika Guangzhou lenyewe, huna haja ya kutafuta pa kulihifadhi. Kikiishia ADD, itabidi upite uhamiaji ulifuate, na hapo ndipo viza inapohitajika. Wanaonunua tiketi mbili tofauti kwa kufuata bei nafuu hunaswa hapa. Ulizia pia hoteli ya shirika: Ethiopian huwapa baadhi ya abiria wanaosubiri muda mrefu, kulingana na tiketi.

Ukitoka, piga hesabu. Uhamiaji na gari vitakufikisha kitandani saa 4 na nusu. Saa 11 alfajiri uwe umerudi uwanjani. Usingizi ni saa tano hivi. Kwa muda huo mimi ningetoka kama hoteli na gari vimepangwa mapema, si kwa dereva anayekuita mlangoni.

Ukibaki ndani, vaa sweta, Addis iko juu na usiku wake ni baridi. Pasipoti na pesa ziwe mwilini, mkanda wa begi uuzungushe mguuni, na ulale karibu na familia au wahudumu.