Kutoka Pambizoni hadi Karatasi ya Mrejesho: Kupanga Maoni ya Insha kwa Vigezo

Walimu wenzangu, naomba tuitazame insha moja ya kidato cha tatu kuhusu ukataji miti. Niliisahihisha mwenyewe nikampa mwanafunzi 11 kati ya 20: maudhui 4 kati ya 8, mpangilio 2 kati ya 4, lugha 3 kati ya 5, tahajia 2 kati ya 3. Pambizoni nilikuwa nimeacha maoni 17.

Kabla ya kuandika karatasi ya mrejesho niliyapa maoni namba, kisha kila moja nikaliwekea herufi ya kigezo chake. Lugha ilipata manane, tahajia matatu, maudhui mawili. Mpangilio haukupata hata moja, ingawa nilikuwa nimeukata alama mbili. Yalibaki manne yasiyo na kwao: alama mbili za kuuliza, mstari chini ya sentensi, na neno "Vizuri!"

Hayo manne yalinirudisha kwenye insha yenyewe. Alama ya kwanza ya kuuliza ilikuwa aya ya tatu, mwanafunzi aliporuka kutoka uhaba wa mvua hadi bei ya mkaa bila kuviunganisha. Huo ndio mpangilio niliouadhibu kimya kimya. Ya pili ilikuwa kando ya dai lisilo na mfano, ikaenda maudhui. "Vizuri!" ilisifu mfano wa kijito kilichokauka, nayo ikaenda maudhui. Ule mstari sikukumbuka niliuchorea nini, nikauacha. Oni ambalo msahihishaji mwenyewe hawezi kulieleza halifai kumfikia mwanafunzi.

Yapo pia maoni yanayogombaniwa na vigezo viwili, kama "hapa hueleweki". Mimi huisahihisha sarufi ya sentensi hiyo kichwani. Maana ikijitokeza, tatizo ni lugha. Ikibaki gizani, ni maudhui.

Katika yale manane ya lugha, matano yalikuwa kosa lilelile: "mazingira inaharibika", "maji inakauka", "majani inaanguka". Kwenye karatasi yakawa oni moja lenye mifano hiyo mitatu. Hapa ndipo wingi wa wino unapotudanganya. Pambizo ilimwambia mwanafunzi kwamba ugonjwa wake mkubwa ni sarufi, kumbe alama nne kati ya tisa alizopoteza zilipotelea kwenye maudhui. Kwa hiyo napanga vigezo kwa alama zilizopotea, wala si kwa idadi ya maoni, na kila kigezo nakipa kasoro moja kuu, mahali ilipo, na la kufanya.

Sehemu ya juu ya karatasi yake ilisomeka hivi:

"Maudhui, 4/8. Mfano wa kijito katika aya ya pili unashawishi kwa sababu unaonyesha kilichobadilika. Aya ya nne inadai kwamba ukataji miti huleta umaskini, lakini haionyeshi kwa njia gani. Ongeza sentensi tatu: nani anapoteza nini, na kwa nini.

Mpangilio, 2/4. Aya ya tatu inaanza na mvua na kuishia na mkaa. Itenge iwe aya mbili."