Kupanga lishe tiba kutoka sahani ya Lupepo: swali moja la mgonjwa mwenye kisukari na shinikizo la damu



Katika majibu ya maswali ya wagonjwa, wanafunzi wetu wengi huanza na orodha ya makatazo: asile ndizi, asile ugali, asile chumvi. Jibu la namna hiyo halipangi chochote, na kwa mtu wa Lupepo, ambako ndizi, viazi, maharage na parachichi ndicho chakula chenyewe, halitekelezeki. Nitachukua swali moja tu la kufundishia na kulifuata hadi mwisho.

Mgonjwa ni mama mkulima wa miaka 52. Ana kilo 78 na urefu wa sentimita 156. Shinikizo ni 160/95, sukari kabla ya kula ni 9.8, figo ni nzima. Anatumia metifomini na losatani. Kwa siku hunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili vya sukari. Jioni hula ndizi za kupikwa, kama gramu 400. Nyumbani wako watano, na pakiti ya chumvi ya nusu kilo humalizika kwa siku kumi.

Uwiano wa uzito na urefu wake ni 32, kwa hiyo tunakokotoa nishati kwa uzito unaofaa, si kwa kilo alizonazo. Njia ya haraka ni kutoa 100 kwenye urefu: kilo 56. Tukizidisha kwa kilokalori 25 tunapata 1,400 kwa siku. Nusu yake ikitoka kwenye wanga, ni gramu 175.

Hapa ndipo jibu zuri linapoachana na jibu la kukariri, kwa sababu swali linalofuata ni jinsi gramu hizo zinavyogawanywa. Ndizi mbichi zilizopikwa zina karibu gramu 30 za wanga katika kila gramu 100. Sahani yake ya jioni peke yake ina gramu 120, theluthi mbili ya mgawo wa siku nzima, zikiingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Ndizi hazina kosa. Kiasi ndicho tatizo. Mpangieni 45 asubuhi, 50 mchana, 50 jioni, na 15 mara mbili katikati. Jioni basi atakula ndizi gramu 100, maharage nusu kikombe yenye kama gramu 20 za wanga, na mboga za majani za kutosha. Sukari ya chai inatoka kabisa. Kwa kuwa hatapima chakula kila jioni, afisa lishe apime ndizi hizo mara moja mbele yake, azitie kwenye bakuli analolitumia, na mama aone zinafika wapi.

Parachichi abaki nalo, ila lihesabiwe. Gramu 100 zina mafuta kama gramu 15, karibu sawa na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia. Akila parachichi, mafuta hayo yapungue kwenye sufuria.

Kuhusu chumvi, msimuulize kama anatumia nyingi. Kila mtu atasema kidogo. Ulizeni pakiti. Gramu 500 kwa watu watano katika siku kumi ni gramu 10 kwa kila mmoja kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka isifike 5. Agizo lake liwe hili: pakiti ileile ikae zaidi ya siku 20. Anaweza kulisimamia bila mizani, na nyumba nzima inanufaika.

Sasa badilisheni jambo moja katika swali: figo zimedhoofika na potasiamu ya damu ni 5.8, wakati kawaida haizidi 5.0. Ndizi, viazi, maharage na parachichi vina potasiamu nyingi. Kwa mama wa kwanza hiyo ni neema, maana mlo wa DASH, uliochapishwa Marekani mwaka 1997, ulishusha shinikizo kwa vyakula vyenye potasiamu kwa wingi. Kwa huyu wa pili inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na losatani huizidisha. Parachichi linatoka, maharage yanapungua, viazi na ndizi vinakatwa vidogo, vinachemshwa kwa maji mengi na maji yanamwagwa. Daktari aarifiwe siku hiyohiyo kuhusu dawa. Chumvi mbadala ziulizwe pia, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi: mwanafunzi aliyepanga mlo wa mgonjwa huyu bila kusoma majibu ya figo asipewe alama za kufaulu swali hilo, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.