Baka la Manjano Kwenye Kope: Damu Ipimwe Kabla ya Kuliondoa

Huanza upande wa pua, pale kope ya juu inapokutana na pembe ya ndani ya jicho. Kwanza ni kidoti tu cha manjano iliyofifia, mfano wa tone la samli iliyoganda chini ya ngozi. Hakiumi, hakiwashi, hakitoi usaha. Miezi inapita, kidoti kinatanuka na kuwa baka bapa, laini ukiligusa. Mara nyingi jingine linalofanana nalo huchomoza kwenye jicho la pili, na baadaye huenda yakashuka hadi kope za chini. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana, manjano hayo huelekea kahawia au rangi ya maziwa, na huonekana vizuri zaidi mwangani, ngozi ya kope ikivutwa kidogo kwa kidole.

Madaktari huliita zanthelasma. Huwatokea zaidi watu wazima kuanzia umri wa makamo, wanawake kuliko wanaume. Kwa kuwa halina maumivu, wengi hulichukulia kuwa jambo la urembo. Mwenye nalo hulifunika kwa poda, au hutafuta mtu wa kumwondolea, na safari yake huishia hapo. Maoni haya yanahusu hatua moja ambayo hurukwa katika safari hiyo: kupima mafuta ya damu kabla baka halijaguswa.

Sababu ya kulisisitiza hilo inapatikana ndani ya baka lenyewe. Kipande chake kikikatwa na kuwekwa chini ya hadubini, hayaonekani mafuta yaliyomwagika ovyo. Zinaonekana seli za kinga, zile ambazo kazi yake mwilini ni kumeza takataka na vijidudu. Seli hizo zimemeza kolesteroli mpaka zimevimba, tumbo lote limejaa vijitone vya mafuta, na kwa sura hiyo wataalamu huziita seli za povu. Kolesteroli hiyo imetoka kwenye damu, ikapenya kuta za vijishipa vidogo na kunaswa kwenye ngozi ya kope, ambayo ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote ya mwili na haitulii kwa kupepesa mchana kutwa.

Sasa seli za povu za namna hiyohiyo ndizo zinazojaza kuta za mishipa ya ateri inayolisha moyo, pale inapoanza kuziba. Kule hazionekani kwa macho. Kwenye kope zinaonekana.

Je, hii ina maana kwamba kila mwenye baka ana kolesteroli nyingi? Hapana. Takriban nusu ya watu wenye zanthelasma wakipimwa, kolesteroli yao hukutwa iko kawaida. Hapa ndipo ushauri mwingi wa mitaani unapokosea, kwa pande zote mbili: mmoja anaambiwa moja kwa moja kwamba mafuta yamemzidi, aache nyama na nazi, mwingine anaambiwa ni alama ya uzee, asijisumbue. Baka haliwezi kutoa jibu la kipimo. Linachoweza kufanya ni kumpa mtu sababu nzuri ya kwenda kupimwa.

Na hata yule ambaye jibu lake limetoka vizuri ana jambo la kusikia kutoka Denmark. Katika jiji la Kopenhagen, kuanzia mwaka 1976 hadi 1978, watafiti waliwachunguza maelfu ya wakazi, wakaandika nani ana mabaka kwenye kope na nani ana ule mduara wa kijivu unaozunguka mboni. Kisha wakawafuatilia hadi mwaka 2009. Matokeo yalichapishwa 2011, yakihusu watu 12,745 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kati yao, zaidi kidogo ya 4 katika kila 100 walikuwa na zanthelasma.

Wenye mabaka walipata mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi kuliko wasio nayo, hatari yao ikiwa imepanda kwa karibu nusu. Kinachofanya utafiti huo uwe na uzito ni kwamba tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu na kiwango chenyewe cha kolesteroli. Yaani, watu wawili wenye majibu yanayolingana ya maabara, mmoja ana baka na mwingine hana, hawakuwa na hatari sawa. Inaelekea baka linaonyesha mwili ambao tishu zake hunasa kolesteroli kwa urahisi, hata ile isiyo nyingi. Ule mduara wa kijivu, kwa upande wake, haukuongeza chochote kwenye hesabu hiyo, na mzee mwenye nao hana haja ya kushtuka. Mduara huo huwa na uzito wake kwa kijana, hasa aliye chini ya miaka 45.

Ni vyema kukumbuka kwamba waliofuatiliwa walikuwa wakazi wa Denmark, na kiwango cha hatari chao hakiwezi kubandikwa jinsi kilivyo kwa mkazi wa Dodoma au Kisumu. Lakini seli za povu ni zilezile popote.

Tuchukue mfano ili hatua zionekane. Mwanamke wa miaka 38, mwembamba, hanywi pombe, havuti sigara, anafika kliniki akiwa na mabaka mawili kwenye kope za juu. Daktari makini ataanza kwa kidole. Chokea huuma, huwa chekundu na huja ghafla. Haya ni laini, hayana joto, na yamekuwepo miaka miwili. Kisha atamwomba avue viatu. Anapapasa ule ukano mnene nyuma ya kisigino, halafu kano zilizo juu ya vifundo vya vidole vya mikono, akitafuta vinundu vigumu au unene usio wa kawaida, kwa sababu kolesteroli iliyozidi tangu utotoni hupenda kujificha huko. Swali linalofuata ni la ukoo: kuna aliyepata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana? Anajibu kwamba mjomba wake alianguka ghafla akiwa na miaka 46, na watu wakasema ni uchawi.

Damu inachukuliwa. Kwa kawaida si lazima mtu ashinde njaa kwa kipimo hiki. Hurudiwa akiwa hajala ikiwa trigliseridi zimetoka juu sana. Fomu inarudi hivi: kolesteroli yote 8.2, HDL 1.3, trigliseridi 1.4, zote kwa milimoli kwa lita. Wengi huishia kusoma namba ya kwanza, ilhali inayotafutwa hasa ni LDL, ile inayobeba kolesteroli kwenda kwenye tishu. Maabara isipoiandika, hupatikana kwa kutoa: trigliseridi hugawanywa kwa 2.2, hapa inapatikana kama 0.6, kisha hiyo pamoja na HDL huondolewa kwenye jumla. Inabaki 6.3. Ikivuka 4.9 kwa mtu mzima, daktari anapaswa kuwaza ugonjwa wa kurithi.

Ila hatoi hukumu papo hapo. Tezi ya thairoidi ikilegea, LDL hupanda. Figo zikivujisha protini kwenye mkojo, hupanda. Njia za nyongo ndani ya ini zikiziba polepole, hupanda pia, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hulalamika kujikuna mwili mzima. Kwa hiyo hupimwa thairoidi, mkojo, ini na sukari, maana kumpa dawa ya kolesteroli mtu ambaye shida yake ni thairoidi ni kuuacha ugonjwa ukiendelea. Kwa huyu mwanamke vyote viko sawa. Sasa kile kifo cha mjomba kinaanza kupata maelezo.

Mwaka 1938 daktari Carl Müller wa Oslo alieleza jinsi uvimbe wa mafuta kwenye ngozi na kano, kolesteroli nyingi na maradhi ya moyo yanavyotembea pamoja ndani ya familia. Miongo kadhaa baadaye Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua kwa nini: ini la watu hawa lina upungufu wa vipokezi vya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kasoro hii humpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na wengi wao hawajui. Haihusiani na unene. Ndiyo maana mtu mwembamba anayekula mchicha kila siku anaweza kuwa na damu iliyojaa LDL, na kumlaumu kwa chakula chake ni kumwonea.

Mtoto wa mzazi mwenye kasoro hii ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, hali kadhalika ndugu zake wa damu. Kwa sababu hiyo, matibabu ya mwanamke huyu hayaishii kwake. Ndugu zake wanaitwa, na watoto wake wanapimwa wakiwa na umri wa miaka 10 hivi, au kabla. Yeye mwenyewe anaanzishiwa statini, ambayo kwa dozi kubwa huweza kushusha LDL kwa karibu nusu, na damu inapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 12. Ikiwa bado iko juu, huongezwa dawa ya pili. Kwa umri wake, lazima aulizwe kama anapanga kubeba mimba, kwa sababu kwa kawaida statini husimamishwa kabla ya ujauzito.

Baada ya yote hayo, mabaka yatakuwa bado yapo. Statini huulinda moyo, ila mabaka yaliyokwisha kujijenga mara nyingi hayayeyuki, na mgonjwa asipoambiwa mapema hudhani dawa haifanyi kazi akaiacha. Akitaka yaondolewe, yanaweza kukatwa kwa upasuaji mdogo, kuchomwa kwa leza, au kupakwa asidi maalumu na mtaalamu wa macho au ngozi. Ngozi nyeusi inahitaji mkono wenye uzoefu, kwani leza na asidi huweza kuacha doa jeupe au jeusi lililo baya kuliko baka lenyewe, na kope iliyokatwa kupita kiasi hupinda nje, jicho likashindwa kufumba sawasawa. Kitunguu saumu kilichosagwa, ambacho watu huelekezana kupaka, huunguza ngozi kabisa, na hapo ni milimita chache kutoka kwenye mboni.

Mabaka pia hurudi. Katika utafiti mmoja wa upasuaji uliochapishwa Marekani mwaka 1976, yalirudi kwa takriban wagonjwa 40 kati ya 100 baada ya kukatwa mara ya kwanza, na kwa wengi zaidi baada ya mara ya pili. Kwa hiyo mtu anayeandaa pesa ya kuyaondoa aanze kwa kutenga ile ndogo ya kipimo cha damu, na fomu ya majibu aende nayo mkononi siku ya kumwona daktari wa kope. Daktari asipoiulizia, mgonjwa mwenyewe aitoe.